Malipo Yaliyopangwa Yakikwama kwa Kukosa Salio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyepanga malipo kwenye akaunti ya benki yatoke tarehe fulani, siku ikafika, akapata meseji kwamba hayakutoka kwa sababu salio halikutosha. Majibu yanahusu benki za Kenya na shilingi za Kenya. Kama malipo yako yamekwama leo na una haraka, anzia swali la 5 na la 6, ndipo urudi juu.

## Kilichotokea

1. Malipo "yamekwama" maana yake nini hasa?

Ni kwamba agizo uliloipa benki lilifikiwa na siku yake, mfumo ukaangalia akaunti, ukaona hela hazifiki, ukaacha. Hakuna kilichotoka kwako na hakuna kilichofika kwa unayemlipa. Kwenye orodha ya malipo utaona neno kama `Failed` au `Rejected`, na sababu yake `Insufficient funds`.

Jambo la kushika mapema ni kwamba kilichokwama ni agizo, si deni. Kodi ya nyumba, mchango wa Sacco au karo uliyokuwa unalipa inabaki ikikudai, na tarehe ya mwisho haisogei kwa sababu benki ilijaribu. Watu wengi hukaa siku kadhaa wakidhani benki "inashughulikia", kumbe upande wa benki kazi ilishaisha alfajiri ile.

2. Nilipopanga malipo benki ilikubali, na salio lilikuwepo. Mbona sasa inakataa?

Kwa sababu kupanga hakuweki hela kando. Benki inapokujibu kwamba agizo limepokelewa, inathibitisha tu kwamba tarehe, kiasi na akaunti ya mlipwaji vimesajiliwa. Salio huangaliwa siku ya malipo yenyewe. Katikati hapo hela ziko huru: unaweza kuzitoa kwa ejenti, kadi inaweza kuzikata, na mkopo unaweza kuzichukua. Ukitaka hela za kodi zisiguswe, ziweke kwenye akaunti nyingine ambayo haina kadi wala mkopo, na agizo litokee huko.

3. Naona hela za kutosha kwenye akaunti. Kwa nini mfumo unasema hazitoshi?

Tazama vizuri ni salio lipi unalosoma. Akaunti huwa na salio la kitabuni, yaani hesabu yote iliyoandikwa, na salio linaloweza kutumika. Malipo huangalia hili la pili. Tofauti kati yao hutokana na mambo machache.

La kwanza ni hundi uliyoweka jana. Imeandikwa kwenye akaunti lakini haijasafishwa, kwa hiyo huwezi kuitumia bado. La pili ni hela zilizoshikiliwa na kadi: hoteli, kwa mfano, inaweza kushikilia kiasi tangu unapoingia hadi uondoke, na hela hizo huonekana ni zako lakini hazitoki. La tatu ni kima cha chini ambacho akaunti nyingine hazikubali kwenda chini yake.

Na la nne, ambalo naliona likiwashangaza watu kuliko yote, ni ada ya muamala wenyewe. Ukipanga kulipa shilingi 20,000 na una 20,000 kamili, malipo yatakwama, kwa maana kuna ada ya kutuma na juu ya ada hiyo kuna ushuru wa serikali. Unakosa makumi machache ya shilingi na elfu ishirini nzima inabaki.

4. Benki huangalia salio saa ngapi?

Inategemea benki na aina ya agizo. Benki nyingi huendesha maagizo ya siku kwa mkupuo, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri, kabla matawi hayajafunguliwa. Kwa hiyo "tarehe 5" kwenye ratiba huenda ikamaanisha saa za usiku za kuamkia tarehe 5, na mshahara unaoingia saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo unakuta agizo limeshakataliwa.

Zaidi ya hapo, katika mkupuo huo kuna foleni. Marejesho ya mkopo unaodaiwa na benki yenyewe kwa kawaida hukatwa kwanza, na agizo lako la kumlipa mtu wa nje hufuata. Usiulize tu "salio lilikuwa ngapi jana jioni". Uliza lilikuwa ngapi baada ya mkopo kukatwa. Mfano kamili uko kwenye swali la 7.

## Siku yenyewe

5. Je, benki itajaribu tena nikiweka hela?

Hili ndilo swali la kujibiwa kabla ya kufanya lolote, na jibu lake haliko sawa kwa kila benki. Kuna zinazojaribu mara moja tu na kulifuta agizo la siku hiyo. Kuna zinazorudia mchana au jioni. Nyingine huendelea kujaribu kwa siku kadhaa mfululizo. Aina ya agizo nayo huchangia: malipo ya mara moja uliyoyapanga kwenye simu huenda yakafa palepale, ilhali agizo la kudumu la kila mwezi, ambalo wengi tunaliita stending oda, likapewa nafasi ya pili.

Fungua sehemu ya malipo yaliyopangwa kwenye programu ya benki. Agizo likiwa bado linaonyesha `Pending` au `Active` na tarehe ya leo au kesho, chukulia kwamba litajaribiwa tena. Likiwa `Failed` na limehamia kwenye historia, uwezekano mkubwa limekwisha. Ukiwa na shaka yoyote, piga simu kwa huduma ya wateja na uulize kwa maneno haya: "Agizo hili litajaribiwa tena? Lini, na mara ngapi?" Usiridhike na jibu la "subiri uone".

6. Nifanye nini kwanza, na kwa mpangilio gani?

Kwanza jua kama kuna jaribio lingine, kama ilivyoelezwa hapo juu. Kama lipo na muda unakuruhusu, njia nyepesi ni kuongeza hela kwenye akaunti na kuliacha agizo lifanye kazi yake. Unaweza kuhamisha kutoka M-PESA kwa nambari ya Paybill ya benki yako, na kwa kawaida hela huingia baada ya dakika chache. Ongeza zaidi ya kiasi kinachopungua, ili ada na makato ya swali la 9 yasikukwamishe mara ya pili.

Kama huwezi kusubiri, lifute agizo kwanza, uone limefutika, ndipo ulipe kwa mkono. Mpangilio huu usiugeuze. Anayelipa kwanza na kufuta baadaye ndiye hujikuta kwenye swali la 8. Kama programu haikubali kulifuta siku yenyewe, ipigie benki ilisimamishe, na uombe nambari ya kumbukumbu ya ombi lako.

Ukilipa kwa mkono, chagua njia kulingana na haraka yako. PesaLink huhamisha hela kutoka benki hadi benki papo hapo, usiku na mchana, wikendi ikiwemo. RTGS hufika siku ile ile ya kazi ukiwahi muda wa benki. EFT hupitia usafishaji wa siku za kazi, kwa hiyo ni ya mtu ambaye bado ana muda.

7. Nipeni mfano wa jinsi mambo yanavyokwenda.

Chukua mpangaji wa Nairobi anayelipa kodi ya shilingi 18,000 kila tarehe 5 kwa agizo la kudumu. Jioni ya tarehe 4 anatazama simu, anaona 19,250, analala. Usiku benki inakata marejesho ya mkopo wake, shilingi 3,600. Zinabaki 15,650. Dakika chache baadaye agizo la kodi linafikiwa, linakwama, na benki inakata ada ya agizo lililokataliwa. Tuseme 500 pamoja na ushuru wake. Sasa ana 15,150.

Saa nne asubuhi mshahara wa 42,000 unaingia, akaunti inakuwa na 57,150. Keateka ameshapiga simu. Mpangaji, akitaka kumaliza maneno, analipa 18,000 papo hapo kwa nambari ya Paybill ya mwenye nyumba. Zinabaki 39,150, ukiacha ada ndogo ya kutuma. Saa tisa alasiri benki inajaribu agizo mara ya pili. Safari hii hela zipo. 18,000 nyingine zinatoka, na mtu aliyepanga kuingia mwezini na elfu 39 anabaki na elfu 21.

Hakuna aliyekosea hapo kwa mujibu wa mkataba. Benki ilitekeleza agizo ambalo halikufutwa. Dakika mbili za kufuta agizo saa nne asubuhi zingetosha.

8. Nimelipa mara mbili. Benki itanirudishia?

Kwa kawaida benki haiwezi kuchukua hela kutoka akaunti ya mlipwaji bila idhini yake, kwa kuwa malipo yote mawili uliyaagiza wewe. Njia iliyo wazi ni kuongea na aliyepokea. Mwenye nyumba mtumie taarifa ya akaunti inayoonyesha malipo yote mawili na nambari zake za muamala, kisha muombe ama arudishe ama aandike kwamba hiyo ya pili ni kodi ya mwezi ujao. Ukikubaliana naye kuhusu mwezi ujao, kumbuka kusimamisha agizo la mwezi huo, maana lisiposimamishwa litalipa tena.

Kama ulilifuta agizo, una ushahidi wa kufuta, na bado likatoka, hilo ni kosa la benki. Nenda swali la 17.

## Ada, CRB na sheria

9. Benki ina haki ya kunikata ada kwa malipo ambayo hata hayakutoka?

Benki nyingi hutoza ada ya agizo la kudumu lililokataliwa kwa kukosa hela, na kiasi chake kimo kwenye orodha ya ada ambayo benki hutakiwa kukuonyesha. Malipo ya mara moja yaliyopangwa kwenye simu mara nyingi hayana ada ya kukwama, lakini thibitisha kwenye orodha ya benki yako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinazuia benki kupandisha ada bila kibali, kwa hiyo ada isiyomo kwenye orodha una haki ya kuihoji.

Angalia pia kama ada imekatwa mara moja au kila jaribio. Benki inayojaribu mara tatu na kukata mara tatu inaweza kukuachia pengo kubwa kuliko lile la mwanzo. Ukiona hivyo, omba kwa maandishi ada za ziada zirudishwe. Kwa mteja ambaye jambo hili halimtokei mara kwa mara, ombi la namna hiyo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ombeni.

10. Nitaandikwa vibaya CRB?

Si kwa sababu ya agizo lililokwama lenyewe. Kodi ya nyumba, karo au mchango wa chama uliochelewa siku mbili hauingii kwenye rekodi yako ya mikopo kwa sababu tu benki haikuutuma.

Hali inabadilika kama malipo yale yalikuwa ya mkopo. Hapo siku za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya rejesho, na mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa ndipo kwa kawaida huwasilishwa kama usiolipwa. Kabla ya kukuripoti vibaya, mkopeshaji anatakiwa kukupa ilani ya siku 30. Kanuni za 2020 ziliondoa pia madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 kwenye orodha hiyo mbaya. Kwa hiyo rejesho lililokwama wiki hii na kulipwa wiki hii halikuharibii jina namna hiyo, ingawa faini ya kuchelewa ya mkopeshaji inaweza kukupata.

11. Nimesikia kulipa bila salio ni kosa la jinai. Je, nitashtakiwa?

Hiyo ni habari ya hundi. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinamlenga anayetoa hundi akijua akaunti haina hela za kutosha, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Agizo ulilopanga kwenye simu au stending oda si hundi, na kifungu hicho hakiligusi.

Hata kwa hundi, kifungu hicho kinaitoa hundi ya tarehe ya mbele kwenye kosa la kutokuwa na salio. Lakini hundi iliyorudi kwa kukosa hela huripotiwa CRB, tofauti na agizo lililokwama. Kama mwenye nyumba anakushinikiza umwachie hundi kumi na mbili za mwaka mzima badala ya agizo la kudumu, ipime tofauti hiyo kabla ya kusaini.

## Unayemlipa

12. Nimwambie nini mwenye nyumba au shule?

Mwambie siku ile ile, kabla hajauliza. Mpe kiasi, sababu na siku utakayolipa, na iwe siku ambayo una hakika nayo. Meseji fupi inatosha: "Habari za asubuhi mama. Kodi ya tarehe 5 haikutoka benki kwa sababu mshahara umechelewa kuingia. Nailipa leo kabla ya saa kumi na nitakutumia nambari ya muamala." Meseji ya benki iliyosema malipo yamekwama usiitume kama risiti. Inaonyesha kwamba ulijaribu, haionyeshi kwamba umelipa. Faini ya kuchelewa, kama ipo kwenye mkataba, inategemea huruma yake na historia yenu.

13. Lilikuwa rejesho la mkopo wa Sacco. Wadhamini wangu wataguswa?

Si kwa rejesho moja lililochelewa siku chache. Lakini Sacco huanza kufuatilia mapema, na ukinyamaza, barua inaweza kwenda kwa wadhamini kabla hata ya akiba zao kuguswa. Hapo ndipo uhusiano huharibika, kwa sababu mwenzako kazini anajua kwamba hukulipa kabla hujamwambia. Ukishaona rejesho limekwama, lipa kwa Paybill ya Sacco ukitumia nambari yako ya uanachama na ya mkopo, kisha uhakikishe limeandikwa kwenye mkopo na si kwenye akiba. Hela zikiingia kwenye akiba, mkopo unabaki umechelewa huku ukidhani umelipa.

14. Yalikuwa malipo ya kodi ya KRA. Yana tofauti gani?

Tofauti ni kwamba KRA haina mjadala wa "nilijaribu". Ushuru usiolipwa kwa tarehe yake huvuta adhabu ya asilimia 5 ya kiasi kinachodaiwa, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mwenye duka aliyepanga kulipa VAT ya shilingi 40,000 tarehe 20 na malipo yakakwama, akalipa mwezi mmoja baadaye, ataongeza 2,000 za adhabu na 400 za riba.

Tahadhari nyingine ni siku. Tarehe ya mwisho ya KRA ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, mwisho ni siku ya kazi iliyotangulia. Benki nyingi husogeza agizo la siku kama hizo kwenda mbele, hadi siku ya kazi inayofuata. Hapo unaweza kuwa na salio tele na bado ukachelewa. Malipo ya KRA yapange siku mbili au tatu kabla, na hakikisha nambari ya malipo, PRN, bado haijaisha muda, kwa maana ikiisha utalazimika kutoa nyingine kwenye iTax.

## Visa vichache vya pembeni

15. Je, benki inaweza kulipa sehemu ya kiasi, kisha mimi nikamalizia?

Kwa malipo uliyopanga wewe kwenda nje, hapana: ni yote au hakuna. Marejesho ya mkopo wa benki hiyo hiyo ni habari nyingine. Hayo benki inaweza kukata kilichopo na kurudi kwa kilichobaki hela zikiingia, na ndiyo sababu mshahara huonekana ukiyeyuka dakika ileile unapoingia.

16. Agizo la kila mwezi likikwama mwezi huu, mwezi ujao litaendelea?

Mara nyingi ndiyo, kwa kiasi kile kile cha kawaida. Halitajumlisha mwezi uliokwama. Benki nyingine hulifuta kabisa likikwama miezi kadhaa mfululizo, wakati mwingine kwa ilani ambayo hupotea kwenye barua pepe. Baada ya kukwama, fungua agizo na uone tarehe ya malipo yanayofuata. Hapo hapo fikiria kuisogeza: kama mshahara huingia kati ya tarehe 30 na 5, agizo la tarehe 5 halifai, liweke tarehe 7 na uzungumze na mwenye nyumba kuhusu hilo.

17. Hela zilikuwepo kweli, au nilikuwa nimefuta agizo, na bado benki inasema kosa ni langu. Nianzie wapi?

Anza kwa kukusanya saa, si tarehe peke yake. Omba taarifa ya akaunti ya siku hiyo, na uulize benki kwa maandishi mambo matatu: agizo lilifikiwa saa ngapi, salio linaloweza kutumika lilikuwa ngapi wakati huo, na ni makato gani yaliyotangulia. Taarifa ya kawaida huonyesha tarehe bila saa, na ndiyo maana wateja wengi hubishana na tawi bila kufika popote. Kama ni suala la kufuta, ambatisha picha ya skrini na nambari ya kumbukumbu ya simu uliyopiga.

Peleka lalamiko kwenye benki kwanza, kwa barua pepe, na udai nambari ya lalamiko. Sema unachotaka: ada irudishwe, malipo ya pili yarejeshwe, au barua ya kukiri kosa ambayo utampelekea aliyekutoza faini. Barua hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana, kwa sababu shule au Sacco inaweza kukusamehe faini kwa karatasi ya benki pale ambapo isingekusamehe kwa maneno yako. Benki isipojibu, au ikijibu bila kugusa maswali yako matatu, peleka faili lote Benki Kuu ya Kenya, ambayo mwongozo wake wa kulinda wateja unazitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Ambatisha barua yako ya kwanza, nambari ya lalamiko na jibu ulilopewa, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kama benki yako ilipewa nafasi ya kulitatua.